Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Ajira: Alama ya Upendeleo Isiingie Kwenye Faili la Mtu

Kwa Wakuu wa Idara za Rasilimali Watu na Wenyeviti wa Kamati za Ajira, katika mashirika ya umma na ya binafsi,

Waheshimiwa,

Mimi ni mhadhiri wa saikolojia na takwimu jijini Nairobi. Mapema mwaka huu niliitwa na taasisi moja, ambayo sitaitaja, kuendesha kikao cha siku mbili kuhusu namna ya kuwahoji waombaji kazi. Wakati wa chai, afisa mmoja aliyebakiza muda mfupi astaafu alinivuta kando akanionyesha picha ya karatasi kwenye simu yake. Karatasi ilikuwa na jina lake, tarehe, nambari 0.71 na maneno mawili: "upendeleo mkubwa". Kwa sababu ya karatasi hiyo alikuwa ameondolewa kwenye kamati ya mahojiano aliyokuwa ameitumikia kwa miaka kumi na moja. Aliniuliza, "Mwalimu, kwani kompyuta imejua mimi ni mkabila kabla mwenyewe sijajua?"

Nilimjibu vibaya, kwa haraka, kikombe mkononi. Barua hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa, na ninaileta kwenu kwa kuwa si yeye aliyeamua nambari hiyo iwekwe kwenye faili.

Jaribio alilofanyiwa ni la uhusishaji fiche, linalojulikana kwa herufi IAT. Lilitangazwa mwaka 1998 na Anthony Greenwald pamoja na wenzake wawili katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na mwaka huo huo Greenwald, Mahzarin Banaji na Brian Nosek wakaanzisha mradi uliolifikisha kwenye mtandao, ambako mamilioni ya watu wamelifanya. Lilianza kwa maua na wadudu, likaingia kwenye weusi na weupe wa Marekani, na sasa limefika kwetu likiwa limevishwa majina ya jamii zetu.

Ni vyema tuanze na kile kinachofanyika kwenye skrini, maana nimegundua kwamba wengi wanaolinunua hawajawahi kuketi mbele yake. Mtu huweka kidole kimoja kwenye herufi E na kingine kwenye herufi I. Neno hutokea katikati ya skrini, naye hulipanga kushoto au kulia kwa kasi awezavyo. Mwanzoni hupanga majina tu: ya jamii yake kushoto, ya jamii nyingine kulia. Kisha hupanga maneno mema, kama "amani" na "furaha", na maneno mabaya, kama "maumivu" na "uozo". Baada ya hapo makundi huunganishwa: majina ya jamii yake na maneno mema hutumia kitufe kimoja, majina ya jamii nyingine na maneno mabaya hutumia kingine. Hatimaye majina hubadilishwa upande, hivi kwamba sasa jamii nyingine ndiyo inayokaa pamoja na maneno mema. Sehemu zote ni saba na kazi nzima haizidi dakika kumi hivi.

Dai la jaribio ni hili: iwapo vitu viwili vimeshikamana akilini, ni rahisi kuvipa kitufe kimoja, na kama havijashikamana, mkono husita. Kusita huko hupimwa kwa milisekunde, yaani elfu moja kwa kila sekunde. Hakuna swali linaloulizwa kuhusu maoni ya mtu, na ndiyo maana jaribio liliwavutia wanasaikolojia waliochoka na madodoso ambamo kila mtu hujaza kwamba anawapenda binadamu wote sawa.

Sasa niwaonyeshe 0.71 ilivyopatikana, kwa kuwa baadaye nilipata nafasi ya kuyaona matokeo yote ya afisa yule kwa ridhaa yake. Hesabu hufuata utaratibu uliowekwa na Greenwald, Nosek na Banaji mwaka 2003. Jibu lolote lililozidi milisekunde 10,000 hutupwa. Mtu ambaye zaidi ya asilimia 10 ya majibu yake yametoka chini ya milisekunde 300 huondolewa kabisa, kwa kuwa huyo anabonyeza ovyo. Kisha hulinganishwa jozi mbili za sehemu zilizounganishwa, moja fupi na moja ndefu. Katika jozi ndefu, wastani wa afisa ulikuwa milisekunde 812 pale jamii yake ilipokaa na maneno mema, na 1,050 pale mpangilio ulipogeuzwa. Tofauti ni 238. Tofauti hiyo hugawanywa kwa mkengeuko sanifu wa majibu yake yote katika sehemu hizo mbili, yaani kipimo cha jinsi kasi yake ilivyopanda na kushuka, ambao kwake ulikuwa 350. Jawabu ni 0.68. Jozi fupi ilitoa 0.74, na wastani wa hizo mbili ni 0.71. Kwa desturi ya mradi wenyewe, kuanzia 0.15 huitwa upendeleo mdogo, kuanzia 0.35 wa wastani, na kuanzia 0.65 mkubwa.

Tazameni kilichopimwa hasa. Ni takriban robo ya sekunde, ikigawanywa kwa mtawanyiko wa kasi ya mtu mwenyewe. Mipaka ya 0.15, 0.35 na 0.65 haikutokana na kuwafuata watu kazini na kuona nani aliyemnyima nani nafasi. Ni mipaka ya kitakwimu inayotumiwa kuainisha ukubwa wa tofauti. Hart Blanton na wenzake waliandika mwaka 2015 kwamba hata sifuri ya kipimo hiki haijathibitishwa kuwa ndiyo mahali pasipo na upendeleo, na kwamba watu wenye mienendo ya haki huweza kuangukia upande wa "upendeleo". Kwa maoni yangu, hoja hiyo haijapata jibu la kuridhisha hadi leo. Neno "mkubwa" lililopigwa chapa kwenye karatasi ya afisa ni jina la kiasi cha milisekunde, nanyi mmelisoma kama jina la tabia.

Siku nane baadaye nilimwomba arudie jaribio lile lile, kwenye kompyuta ile ile, asubuhi. Alipata 0.29, yaani "upendeleo mdogo". Alicheka kwa uchungu akaniuliza ni lini hasa alitubu.

Hakuna ajabu iliyotokea. Tafiti nyingi zikijumlishwa, uwiano kati ya alama ya kwanza na ya marudio ya jaribio hili, yaani kiasi ambacho alama hizo huenda pamoja, ambapo 0 ni kutohusiana na 1 ni kulingana kabisa, huwa karibu 0.5, ilhali kipimo kinachotumiwa kuamua hatima ya mtu mmoja mmoja hutarajiwa kufika 0.8 au 0.9. Tukichukulia kwamba alama za watu hutawanyika kwa mkengeuko wa takriban 0.4, basi kosa la kawaida la alama moja, yaani kiasi ambacho huyumba kwa bahati tu, ni 0.4 mara kipeuo cha pili cha 0.5, yaani karibu 0.28. Ngazi ya "mdogo" ina upana wa 0.20 tu na ya "wastani" 0.30. Kosa la kipimo ni pana kuliko ngazi moja na linakaribia upana wa nyingine! Ni kama kumpima mtoto uzito kwa mizani inayokosea kwa kilo tatu juu au chini, kisha kumwandikia mama yake kwamba mtoto amedhoofu kwa kilo mbili. Tofauti ya 0.42 kati ya Jumatatu moja na Jumanne ya wiki iliyofuata imo ndani ya mayumbo ambayo kipimo chenyewe kinayatarajia.

Kulikuwa pia na jambo dogo ambalo aliyeendesha jaribio hakulitazama. Mara ya kwanza afisa alianza na mpangilio uliounganisha jamii yake na wema, mara ya pili akaanza na ule wa kinyume. Inajulikana tangu zamani kwamba mpangilio unaotangulia huelekea kupendelewa, kwa sababu vidole vikishazoea njia moja huchelewa kuiacha. Waanzilishi wenyewe walipendekeza kurefusha sehemu ya tano, ile ya kuzoea pande mpya, hadi maneno 40 ya kupanga ili kupunguza athari hiyo. Toleo lililonunuliwa na taasisi ile lilikuwa na 20.

Hadi hapa nimesema juu ya mizani kuyumba. Mjadala mkubwa zaidi wa wanasaikolojia ni kuhusu kinachopimwa, hata mizani ingetulia. Nawaomba subira hapa.

Mtu anaweza kusita kwa sababu anaichukia jamii nyingine. Anaweza pia kusita kwa sababu anajua jinsi jamii hiyo inavyosemwa vibaya redioni, sokoni na kwenye matatu, bila yeye kukubaliana na neno hata moja. Andrew Karpinski na James Hilton walilieleza jambo hili mwaka 2001: huenda jaribio linasoma yale ambayo mazingira yamemwekea mtu, na siyo anayoyaamini. Wako wanaojibu kwamba tofauti hiyo haina maana, kwa kuwa yaliyowekwa na mazingira nayo huweza kuusukuma mkono. Ni jibu lenye uzito. Hata hivyo halimsaidii mwenye kamati ya ajira, kwa sababu anayejua kashfa na anayeiamini hawatendi sawa wanapopewa muda wa kusoma cheti cha mwombaji.

Uchunguzi ulionigusa kuliko yote ni wa Eric Uhlmann, Victoria Brescoll na Elizabeth Paluck, wa mwaka 2006. Waliwafundisha washiriki kulihusisha kundi la kubuni, ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, na kuonewa. Washiriki hawakuambiwa kwamba watu hao ni wabaya. Waliwaunganisha na dhuluma tu. Kisha jaribio lilipofanywa, kundi hilo likatokea upande wa "ubaya". Waheshimiwa, fikirini maana yake kwetu. Mwalimu aliyefundisha miaka ishirini katika eneo lenye ukame, anayeguswa na mateso ya watu wa huko, anaweza kuonyesha kusita kule kule kunakoonyeshwa na anayewadharau, kwa kuwa "njaa" na "maumivu" viko karibu akilini mwa wote wawili. Kipimo hakitofautishi huruma na dharau. Vyote viwili humwagikia kwenye kitufe kimoja.

Klaus Rothermund na Dirk Wentura wa Ujerumani waliongeza maelezo mengine mwaka 2004, yasiyohusu hisia hata kidogo. Katika kila jozi kuna kundi linalojitokeza zaidi mbele ya macho, kwa kuwa ni geni au adimu. Maneno mabaya nayo hujitokeza kuliko mema. Akili hurahisisha kazi kwa kuvipa kitufe kimoja vile vinavyojitokeza, na hapo kasi huongezeka bila chuki kuingia. Watetezi wa jaribio wameonyesha kwamba ugeni wa majina peke yake hauelezi matokeo yote ya Marekani, na nakubali. Lakini anayetafsiri jaribio kwa Kiswahili ana wajibu wa kulichunguza upya: je, majina ya jamii zote mbili yana urefu sawa, na je, yule anayepimwa amewahi kuyasoma? Katika orodha ya taasisi ile, majina ya jamii ya afisa yalikuwa na silabi mbili au tatu, na ya jamii nyingine yalifika tano. Sina haja ya saikolojia kueleza kwa nini alichelewa kuyasoma.

Kuna pia neno "fiche", ambalo wauzaji wa mafunzo hulitafsiri kuwa "lisilojulikana na mwenyewe". Mwaka 2014 Adam Hahn na wenzake waliwaomba washiriki wabashiri alama zao kuhusu makundi kadhaa kabla ya kufanya jaribio, na wengi walibashiri vizuri ajabu. Kama mtu anaweza kukuambia mapema kile kompyuta itakachosema, basi hakikuwa kimefichika kwake; alikuwa tu hajaulizwa kwa namna inayofaa. Kwa hiyo jibu la swali la afisa ni hapana, kompyuta haikujua jambo ambalo yeye hakuweza kulijua.

Mtaniuliza: je, alama hizi hazibashiri matendo? Zinabashiri, kwa kiasi kidogo. Mwaka 2009 Greenwald na wenzake walijumlisha tafiti na kupata, kwa upande wa weusi na weupe, uwiano wa takriban 0.24 kati ya alama na mwenendo. Mwaka 2013 Frederick Oswald na wenzake walirudia kazi hiyo kwa vigezo vyao wakapata karibu 0.15. Ili kuipiga picha 0.15, wachukueni watu 200, nusu wenye alama za juu na nusu za chini, na mwenendo ambao nusu yao wanao. Katika wale 100 wa juu mngetarajia wenye mwenendo huo wawe 57 au 58, na katika wale 100 wa chini wawe 42 au 43. Mkiamua kumwondoa kazini kila aliye juu, mtawaondoa wasio na hatia zaidi ya 40 na kuwabakiza wenye hatia zaidi ya 40.

Waanzilishi hawakukaa kimya. Katika makala ya mwaka 2015, Greenwald, Banaji na Nosek walijibu kwamba athari ndogo ikiwagusa watu wengi, au ikimgusa mtu mmoja mara nyingi, huweza kuleta madhara makubwa katika jamii. Hoja hiyo naiona ya kweli. Lakini katika makala hiyo hiyo walikiri kwamba kutumia vipimo hivi kumtambua mtu mmoja mmoja kuwa ndiye atakayebagua kuna hatari ya makosa mengi mno. Hao ndio wenye jaribio. Ninashangaa kwamba onyo lao halikusafiri pamoja na bidhaa.

Kwa makundi makubwa hali ni tofauti, na sitaki niwadanganye kwamba jaribio ni bure. Mwaka 2017 Keith Payne na wenzake walipendekeza kwamba alama za IAT zisomwe kama sifa ya mahali na mazingira kuliko ya mtu. Alama za mmoja huyumba, ila wastani wa eneo hutulia, na tofauti za wastani kati ya maeneo ya Marekani zimeonekana kwenda sambamba na tofauti za kweli, kwa mfano katika matumizi ya polisi ya nguvu za kuua dhidi ya weusi. Ukipima magunia elfu ya mahindi kwa mizani inayoyumba huku na huku, wastani utakaoupata hautakuwa mbali na ukweli. Ukimlipa mkulima mmoja kwa gunia moja, umemwibia au umejiibia. Hata hivyo wastani nao hautuambii kama kilichopimwa ni chuki, kashfa inayojulikana, au umaskini wenyewe unaoonekana kwa macho.

Kwetu Nairobi kuna kazi inayostahili kusomwa na kila mmoja wenu. Kundi la wachumi na wanasayansi ya siasa, akiwemo Edward Miguel na Daniel Posner, liliwaita washiriki wapatao 1,300, likawachezesha michezo ya kugawana fedha halisi na wasiowajua wa jamii yao na wa jamii nyingine, likawapa na jaribio la IAT, huku baadhi ya duru zikifanywa karibu na uchaguzi mkuu. Katika ugawaji wa fedha upendeleo wa kikabila ulionekana kwa kiasi kidogo sana. Hilo halimaanishi kwamba ukabila haupo Kenya. Waandishi wenyewe wanasema yapo mengine yanayofungamanisha kabila na siasa na riziki, mbali na kile mtu anachokipenda moyoni. Na huko Kananga, nchini Kongo, Sara Lowes na wenzake walikuta mwaka 2015 kwamba upendeleo kwa jamii ya mtu ulioonekana kwenye IAT ulikuwa mdogo kuliko ule ambao watu waliusema wazi walipoulizwa. Hadithi tuliyouziwa ni kwamba midomo husema haki na vidole hutoa siri. Kananga midomo ilisema zaidi.

Kuhusu mafunzo yanayouzwa pamoja na jaribio nitasema machache. Calvin Lai na wenzake walipima njia tisa zilizowahi kupunguza alama, na ripoti yao ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba athari zote zilififia ndani ya saa au siku chache. Patrick Forscher na wenzake walijumlisha tafiti 492 mwaka 2019, wakakuta kwamba kubadilika kwa alama hakukuandamana na kubadilika kwa mwenendo. Mnaponunua semina ya asubuhi moja, mnanunua hiyo asubuhi.

Ombi langu kwenu ni finyu. Mnaopenda kuwaketisha wafanyakazi mbele ya jaribio hili ili wajadiliane, fanyeni hivyo bila majina, na alama zisihifadhiwe. Mnaotaka kujua kama kamati zenu zinabagua, hesabuni. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na nambari za kujibu hilo zimo tayari kwenye masijala zenu: nani aliomba, nani aliitwa, nani aliajiriwa, kwa maksi zipi na kutoka kwa mhojaji yupi. Nilipomwomba mkuu wa taasisi ile aniruhusu kutazama maksi za miaka kumi na moja alizotoa afisa yule, alikubali baada ya kusitasita. Zilikuwa kwenye makabati mawili ya chuma, zimefungwa kwa uzi, na hakuna aliyewahi kuzijumlisha. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na wastani wa maksi alizowapa watu wa jamii yake haukutofautiana na wa wengine kwa kiasi cha kutajwa.

Nimeliwasilisha jedwali hilo kwa kamati yao. Karatasi ya 0.71 bado imo kwenye faili lake, naye anastaafu Juni.

Wenu mtiifu,
Mhadhiri wa saikolojia na takwimu, Nairobi